Kusahihisha Upatanisho wa Ngeli katika Rasimu Ndefu: Mfano wa Kijarida cha Kikundi cha Maji

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa kuhusu ngeli, aghalabu huchora jedwali. Upande mmja wa jedwali hukaa nomino na upande wa pili hukaa kitenzi: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, ua limenyauka, maua yamenyauka. Jedwali hilo ni sahihi na halina budi kufahamika. Hata hivyo, humfaa kidogo sana mtu aliyekabidhiwa rasimu ya kurasa 24 na kuambiwa aisahihishe kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa. Katika jedwali, nomino na kitenzi hukaa bega kwa bega. Katika rasimu halisi, nomino huwa mwanzo wa mstari wa kwanza, kitenzi chake huwa mwisho wa mstari wa tatu, na katikati pamejaa nomino nyingine tano, kila moja ikimvuta mwandishi upande wake. Makala haya yanashughulikia kosa linalozaliwa katika umbali huo.

Mfano utakaotumiwa ni wa kijarida cha kikundi cha maji katika eneo la mashambani nchini Kenya. Sentensi zenyewe zimetungwa kwa ajili ya makala haya, ila makosa yaliyomo ni yale yanayojitokeza kila mara katika maandishi ya aina hii. Kijarida hiki kina waandishi wengi: mwenyekiti ameandika salamu, mweka hazina ameandika kuhusu fedha, mwalimu mstaafu ameandika historia ya mradi, akina mama wameeleza habari za bustani zao, na vijana wameleta taarifa za kandanda pamoja na shairi moja. Yeyote atakayeisahihisha rasimu ya namna hii anapaswa kukumbuka kwamba anasoma Kiswahili cha watu watano au sita, wala si cha mtu mmoja.

Karatasi ya ngeli

Kazi haianzi kwa kalamu nyekundu. Rasimu husomwa mara ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusahihishwa, na kando huwekwa karatasi tupu. Katika karatasi hiyo msahihishaji huandika nomino zinazorudiarudia ambazo waandishi wamezipatanisha kwa njia zaidi ya moja. Neno gari ni mfano ulio wazi. Mwenyekiti ameandika "gari la maji lilichelewa", mweka hazina ameandika "gari ya maji ilichelewa". Matumizi ya kwanza, ya ngeli ya LI-YA, ndiyo yanayofunzwa shuleni. Ya pili husikika kote katika mazungumzo. Sarufi sanifu inapendekeza la kwanza, lakini jambo lenye uzito zaidi kwa msomaji wa kijarida ni kwamba gari lile lile lisibadilike ngeli kati ya ukurasa wa 3 na ukurasa wa 9, akadhani kwamba ni vitu viwili.

Vivyo hivyo kwa dawa. Mwandishi wa bustani anasema "dawa hizi za wadudu" katika aya moja na "madawa haya" katika aya ifuatayo. Uamuzi hufanywa mara moja, huandikwa katika karatasi, kisha hufuatwa kote. Hata neno makala lenyewe, ambalo wengine hulipatanisha kama "makala hii" na wengine kama "makala haya", ni la kuamuliwa na kuandikwa. Karatasi hiyo haizidi ukurasa mmoja, nayo humwepusha msahihishaji na aibu ya kurekebisha jambo asubuhi na kulirudisha lilivyokuwa jioni.

Mkondo wa I-ZI

Katika usomaji huo wa kwanza, kosa litakaloonekana upesi ni la aina hii: "mabomba zimepasuka", "vitu zingine zililetwa", "mashamba zetu", "visima ambazo zimekauka". Walimu wengi huliita kosa hili uzembe. Kwa hakika si uzembe, bali ni mfumo. Wazungumzaji wengi wa sehemu za bara wanapozungumza kwa haraka, huzigawa nomino katika makundi mawili tu: zenye uhai, ambazo huchukua upatanisho wa A-WA, na zisizo na uhai, ambazo zote hutiwa katika I-ZI. Mzungumzaji anayesema "mabomba zimepasuka" hasemi ovyo. Anafuata kanuni iliyo nyepesi kuliko ile sanifu, nayo humtumikia vyema sokoni na matatuni. Anapokalishwa mbele ya karatasi, kanuni hiyo humfuata.

Kutambua kwamba kosa lina mpangilio kunamsaidia msahihishaji, kwa sababu kosa lenye mpangilio linaweza kuwindwa. Programu ya kukagua tahajia haitasaidia hapa. Programu hiyo hukagua neno mojamoja, na neno "zimepasuka" halina ila yoyote likiwa peke yake; ila yake imo katika ujirani wake na "mabomba". Kinachoweza kusaidia ni utafutaji. Katika programu ya LibreOffice Writer, dirisha la Find & Replace hufunguliwa kwa Ctrl+H, kisha huchaguliwa Regular expressions, na kuandikwa hivi:

```
\bzi(me|li|na|ta)\w*
```

Utafutaji huo utasimama katika kila neno linaloanza kwa zime-, zili-, zina- au zita-. Katika kila kituo, msahihishaji hujiuliza swali moja: ni nini? Ni nini zimepasuka? Jibu likiwa "mabomba", kitenzi kinakuwa yamepasuka. Jibu likiwa "pesa", "barua" au "nyumba", kitenzi huachwa kilivyo. Kitufe cha Replace All kisiguswe kamwe katika kazi hii. Mtu akiamuru kila "zingine" igeuzwe kuwa "vingine" ili kuponya "vitu zingine", atakuwa ameharibu papo hapo "nyumba zingine", ambayo ilihitaji tu kuwa "nyumba nyingine".

Nomino kuu iliyofunikwa

Baada ya mkondo wa I-ZI kusafishwa, hubaki kosa gumu zaidi, nalo huwapata hata waandishi wanaozijua ngeli barabara. Mwalimu mstaafu, ambaye hawezi kamwe kuandika "mabomba zimepasuka", ameandika hivi:

"Usambazaji wa mabomba ya maji katika vijiji vitatu vilivyoko upande wa chini wa mto, ambao ulikuwa umecheleweshwa na mvua za Aprili, vimeanza tena."

Sentensi hii inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Kitenzi cha mwisho, "vimeanza", kimepatanishwa na vijiji. Lakini vijiji havikuanza chochote. Kilichoanza ni usambazaji, nomino ya kwanza kabisa. La ajabu ni kwamba mwandishi alilijua hilo alipofika katikati, kwa maana aliandika "ambao ulikuwa umecheleweshwa", na hapo upatanisho ni wa usambazaji. Maneno machache baadaye, vijiji vilivyotajwa pamoja na "vitatu" na "vilivyoko" vikawa vimeacha mwangwi wa vi- masikioni mwake, na mkono ukaandika "vimeanza". Kosa hili ni la kumbukumbu, si la maarifa.

Dawa yake ni kuifunua nomino kuu. Msahihishaji huchukua penseli na kuweka mabano kuzunguka kila kirai kinachoanza kwa kihusishi cha a-unganifu au cha mahali, pamoja na kila kishazi rejeshi, kisha husoma yaliyobaki nje ya mabano. Sentensi ya mwalimu hubaki: "Usambazaji ... vimeanza tena." Mbele ya macho namna hiyo, kosa haliwezi kujificha. Sentensi sahihi inaishia kwa "umeanza tena". Kwa njia iyo hiyo "ujenzi wa vyoo viwili vya shule vimekamilika" hugeuka kuwa "umekamilika", na "matumizi ya umeme wa jua umepunguza gharama" hugeuka kuwa "yamepunguza gharama".

Hata hivyo njia hii ina mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo huzua makosa mapya. Katika sentensi "Baadhi ya mabomba yamepasuka", nomino ya kwanza ni baadhi, lakini hakuna anayesema "baadhi ya mabomba imepasuka". Neno hilo hukaa mbele ya nomino kama kipimo tu, na upatanisho hupita juu yake ukaishika nomino inayofuata. Nusu huelekea huko pia: "Nusu ya wanachama hawajalipa ada" ni Kiswahili kinachosemeka vizuri, nao ni wanachama wasiolipa. Neno idadi lahitaji uangalifu zaidi. "Idadi ya wanachama imeongezeka" haina mjadala, kwa kuwa kilichoongezeka ni idadi yenyewe. Lakini katika "idadi kubwa ya wanachama walifika wakiwa wamechelewa", waliochelewa ni watu, na kulazimisha "ilifika ikiwa imechelewa" kungefanya idadi itembee kwa miguu. Kwa hivyo baada ya kuweka mabano, msahihishaji hana budi kuuliza pia: ni nani au ni nini hasa kilichotenda?

Nomino mbili zilizounganishwa kwa "na" huzua swali jingine. Katika taarifa ya wizi imeandikwa, "Mabomba sita na mita mbili ziliibwa." Mabomba ni ya ngeli ya LI-YA, mita ni ya I-ZI. Mwandishi amefuata nomino iliyo karibu na kitenzi, na hiyo ni desturi inayokubalika. Wapo pia wanaotumia vi- kwa kuvijumlisha vitu vya ngeli mbalimbali. Hapa pasikatwe neno kwa wekundu. Ikiwa sentensi inakwaruza sikio, njia salama ni kuipa nomino moja ya kuitawala: "Vifaa vilivyoibwa ni mabomba sita na mita mbili."

Ripoti, ukaguzi au hesabu?

Hadi hapa kila kosa limekuwa na jibu moja. Ukurasa wa 7 wa rasimu una sentensi ambayo haina jibu moja, nayo ndiyo inayopaswa kumkosesha msahihishaji usingizi:

"Mkutano uliahirishwa baada ya kusomwa kwa ripoti ya ukaguzi wa hesabu za mwaka uliopita ambayo yalikataliwa na wanachama."

Kila anayejua ngeli ataona kwamba "yalikataliwa" hakipatani na nomino yoyote iliyotajwa. Ripoti ingetaka ilikataliwa. Ukaguzi ungetaka ulikataliwa. Hesabu zingetaka zilikataliwa. Msahihishaji mwenye haraka atatazama "ambayo", atakumbuka kwamba ripoti ni ya I-ZI, atabadilisha silabi moja, na kuandika "ambayo ilikataliwa". Sentensi itakuwa sahihi kisarufi. Huenda pia ikawa ya uongo.

Kirejeshi "ambayo" si cha ngeli ya I-ZI peke yake. Hutumika kwa umoja wa I-ZI, "ripoti ambayo", kwa wingi wa LI-YA, "mabomba ambayo", na kwa wingi wa U-I, "miti ambayo". Kwa hivyo "ambayo yalikataliwa" si lazima iwe nusu sahihi na nusu kosa. Inaweza kuwa upatanisho kamili wa nomino ambayo haimo katika sentensi. Nomino gani? Jibu limo katika ukurasa wa 5, ambapo mweka hazina, mwandishi wa taarifa hizi zote mbili, ameandika "mahesabu yetu ya mwezi wa Juni". Huyu ni mtu ambaye kichwani mwake hesabu ni mahesabu. Katika ukurasa wa 7 huenda aliandika kwanza "mahesabu ya mwaka uliopita ambayo yalikataliwa", kisha yeye au mtu mwingine akalisanifisha neno mahesabu na a-unganifu yake, lakini kirejeshi na kitenzi vikaachwa nyuma.

Tofauti hii si ya silabi tu. Ikiwa wanachama waliikataa ripoti, wameikataa hati iliyoletwa mbele yao. Labda haikukamilika au haikutiwa saini. Ikiwa waliukataa ukaguzi, wanamlaumu mkaguzi na namna alivyofanya kazi. Ikiwa walizikataa hesabu, basi lawama inamwelekea mweka hazina mwenyewe na kamati iliyotumia pesa. Kijarida kitasomwa katika kila nyumba inayolipa ada ya maji. Silabi i-, u- au zi- ndiyo itakayoamua ni nani atakayetazamwa kwa jicho la pembeni katika mkutano ujao.

Kanuni za ngeli zinatoa sentensi tatu zilizo sahihi, nazo haziwezi kumwambia mtu ni ipi iliyo ya kweli. Dalili ya "mahesabu" katika ukurasa wa 5 ina nguvu, lakini dalili si ruhusa. Msahihishaji anapaswa kusimama na kumwuliza mwandishi. Swali lenyewe liulizwe kwa lugha ya mambo, si kwa lugha ya sarufi. Akiandika pambizoni "rekebisha kirejeshi", mweka hazina atabahatisha. Akiandika "Wanachama walikataa nini: ripoti, ukaguzi au hesabu?", atajibiwa mara moja. Na jibu likiwa hesabu, ni afadhali sentensi ijengwe upya kuliko kutegemea kirejeshi kilichozungukwa na nomino nne: "Wanachama walizikataa hesabu za mwaka uliopita baada ya kusomewa ripoti ya ukaguzi, na mkutano ukaahirishwa." Kipashio -zi- ndani ya "walizikataa" sasa kimeshikana na hesabu zilizo jirani yake, na hapana pa kupotea njia.

Kosa linaloletwa na marekebisho

Mfano uliotangulia unafichua chanzo ambacho vitabu vya sarufi havikitaji sana, yaani marekebisho yenyewe. Rasimu ndefu hupita mikononi mwa wengi, na kila nomino inayobadilishwa huacha mayatima nyuma yake. Katika historia ya mradi palikuwa na aya hii, ambayo haikuwa na kosa hata moja:

"Bwawa la juu lilichimbwa mwaka 2019 na linahudumia nyumba 140. Wakati wa kiangazi huwa tupu kufikia saa tano asubuhi. Lisipozungushiwa ua, mifugo huingia na kulichafua. Wanachama wote wameombwa walilinde."

Kamati ikasema kwamba kilichochimbwa si bwawa bali ni kisima. Mchapaji akabadilisha maneno mawili ya kwanza, "Bwawa la" yakawa "Kisima cha", akaona amemaliza. Lau neno jipya lingekuwa tangi, ingetosha, kwa kuwa bwawa na tangi ni za ngeli moja. Kisima ni cha KI-VI, kwa hivyo aya nzima imelegea. Msahihishaji anayetafuta maneno yanayoanza kwa li- atapata lilichimbwa, linahudumia na lisipozungushiwa, atayageuza, na kudhani kwamba kazi imekwisha. Bado kuna matatu.

Mawili yamejificha katikati ya vitenzi. Katika "kulichafua" na "walilinde", -li- ni kiambishi cha yambwa kinachorejelea bwawa. Cha pili ni hatari hasa, kwa sababu jicho linalopita haraka huiona -li- baada ya wa- na kuidhania kuwa ya wakati uliopita, kama ilivyo katika "walilinda". Irabu -e ya mwisho ndiyo inayofichua kwamba hiyo ni dhamira tegemezi, na kwamba -li- ni yambwa. La tatu halina kiambishi cha kutafutwa. Ni kivumishi "tupu". Katika umoja wa LI-YA, kivumishi hiki hakichukui kiambishi chochote: bwawa tupu, debe tupu. Katika KI-VI husemwa chumba kitupu, kisima kitupu. Hapa kusahihisha si kubadilisha silabi iliyopo bali kuongeza isiyokuwepo, na hakuna utafutaji wa kompyuta utakaoonyesha mahali pa kitu ambacho hakipo. Aya iliyokamilika husomeka hivi:

"Kisima cha juu kilichimbwa mwaka 2019 na kinahudumia nyumba 140. Wakati wa kiangazi huwa kitupu kufikia saa tano asubuhi. Kisipozungushiwa ua, mifugo huingia na kukichafua. Wanachama wote wameombwa wakilinde."

Kutokana na mfano huu inafaa pawe na desturi: kila nomino inapobadilishwa, aya yote isomwe kwa sauti hadi nomino nyingine ishike usukani. Sauti hunasa yale ambayo macho huyaruka.

Watu ndani ya vazi la vitu

Taarifa ya bustani inaanza hivi: "Kamati ilikutana tarehe 4 na wakaamua kununua miche. Kikundi cha akina mama wameipanda." Nomino kamati na kikundi ni za vitu kwa umbo, ilhali waliomo ni watu, na mwandishi amehama kutoka umbo hadi maana katikati ya sentensi. Tiba ni mbili na zote ni nzuri: "Kamati ilikutana tarehe 4 ikaamua", au "Wanakamati walikutana tarehe 4 wakaamua". Kinachopendeza ni kuchagua kulingana na maana. Uamuzi uliopigiwa kura na kuandikwa katika kumbukumbu ni wa kamati; waliotoka jasho wakipanda miche ni akina mama wa kikundi hicho, nao wanastahili kitenzi cha watu: "Akina mama wa kikundi hicho wameipanda."

Katika sehemu hiyo hiyo kuna jambo ambalo msahihishaji mwenye bidii nyingi hulivuruga. Mwandishi anasema, "Jirani zetu wa ng'ambo ya mto walitusaidia." Mtu huona "zetu" karibu na "walitusaidia", akakumbuka vita vyake dhidi ya I-ZI, akaandika "jirani wetu". Hakukuwa na haja. Nomino kadhaa za ukoo na ujirani, kama vile ndugu, dada, rafiki na jirani, huchukua yangu na zangu katika vimilikishi, huku vitenzi na vivumishi vyake vikifuata A-WA: rafiki yangu mwema amefika, ndugu zetu wema wamefika. Lakini "kijana chetu" na "kiongozi chetu" ni makosa, na hurekebishwa kuwa wetu. Pia mtu aitwaye kipofu au kiziwi akiandikiwa "kilipewa fimbo", amegeuzwa kitu. Bora aitwe mtu asiyeona au asiyesikia, na kitenzi kiwe alipewa.

Ni vyema kutaja pia "shuleni yetu", ambayo imetapakaa katika taarifa za vijana. Nomino ikiisha kwa -ni ya mahali huhama ngeli yake, ikapatanishwa kwa PA, KU au MU: shuleni petu, shuleni kwetu, shuleni mwetu. Mwandishi akitaka kubaki na "yetu", aandike "katika shule yetu". Uchaguzi kati ya pa-, ku- na mu- hutegemea kama anataja mahali mahususi, eneo kwa jumla, au ndani ya majengo. Kiwanja cha mpira hakimo ndani ya madarasa. Kwa hivyo "mchezo ulifanyika shuleni mwetu" haimfai mwandishi huyu hata kama viambishi vyake havina kasoro.

Shairi na maneno ya mzee

Sehemu mbili za rasimu hazisahihishwi kwa kalamu ile ile. Ya kwanza ni nukuu. Mzee mmoja amenukuliwa akisema mkutanoni, "Hivi vitu zingine mtaziona nikiwa sipo." Kumsahihisha ndani ya alama za mtajo ni kumtia kinywani maneno asiyoyasema. Kumwacha alivyo, huku wazungumzaji wengine wakiwa wamesanifishwa, ni kumdhihaki. Njia ya adabu ni kuyageuza maneno yake kuwa usemi wa taarifa: mzee alisema kwamba mambo mengine watayaona yeye akiwa hayupo. Ikiwa kijarida kimeamua kunukuu watu neno kwa neno, basi kila mmoja aachwe alivyosema, mwenyekiti akiwemo.

Ya pili ni shairi la vijana, tarbia ya mizani kumi na sita yenye kina cha -zi mwishoni mwa mishororo. Katika ubeti wa tatu mshairi ametaja visima, kisha akaufunga mshororo kwa neno "hizi". Kisarufi panatakiwa "hivi". Idadi ya mizani haitabadilika, lakini kina cha -zi kitavunjika mbele ya msomaji yeyote anayejua arudhi. Hoja ya uhuru wa mshairi inaweza kutolewa hapa, lakini uamuzi wa kuitumia ni wa mtunzi mwenyewe. Msahihishaji asiiguse tarbia hiyo wala asiipitishe. Airudishe kwa mtunzi, amwonyeshe neno moja, na kumkumbusha kwamba nomino ya I-ZI au ya U-ZI katika nafasi ya visima, kwa mfano chemchemi au nyua, ingemruhusu kubaki na "hizi". Mtunzi akichagua chemchemi, atakuwa ameongeza mizani moja, maana visima ina mizani mitatu na chemchemi ina minne. Hiyo ni hesabu yake mwenyewe, ataitafutia pa kuipunguza.